Hesabu inasema hasara, duka limejaa: nimwamini nani?

*Shikamoo mtaalamu. Nina duka la vyombo vya nyumbani Kariakoo, jumla na rejareja. Hadi 2023 nilikuwa nalipa kodi ya makadirio, ila 2024 mauzo yalivuka milioni 100 nikaambiwa niandae hesabu. Kijana anayeniandikia vitabu amemaliza na karatasi yake inasema nimepata hasara ya 6,580,000, kwa hiyo sidaiwi kitu na hata nilizolipa kwa awamu nirudishiwe. Mimi sijasoma uhasibu lakini duka limejaa kuliko mwaka jana, watoto wanasoma na mkopo nimeulipa karibu wote. Nimekutumia karatasi na daftari langu. Nifanyeje kujua kama amepatia kabla sijawasilisha mwezi wa sita?*

Marahaba dada. Hesabu hiyo haiko sawa, na kilichokushtua ndicho kingemshtua ofisa wa kodi. Nimeipitia pamoja na daftari lako na kwa hesabu yangu ulipata faida ya kutozwa kodi ya 18,220,000. Kodi yake ni 3,402,000, na ukiondoa ulizokwisha kulipa unabaki na deni la 822,000. Najua si jibu ulilolitamani, ila ni afadhali ulisikie sasa.

Nitakuonyesha nilivyofika hapo ili mwakani uikague mwenyewe. Huhitaji uhasibu kwa hilo. Unahitaji kuushika msitari mmoja mmoja na kujiuliza: hela hii ilitoka ili kuniletea mauzo ya mwaka huu, au ilitoka kwa sababu nyingine? Kifungu cha 11 cha Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 kinasema hilohilo kwa lugha ya kisheria, kwamba matumizi yanayokubalika ni yale yaliyofanyika yote kwa ajili ya kuzalisha mapato ya biashara na si kwa jambo jingine. Kijana wako amechukua kila hela iliyotoka kwenye droo akaiita gharama, na hapo ndipo hesabu yote ilipopindia.

Tuanze na mauzo. Karatasi inasema 168,400,000. Nimelinganisha na jumla ya ripoti za Z za mashine yako ya EFD kuanzia Januari hadi Desemba, zinakubaliana. Hii ndiyo namba ya kwanza ambayo TRA wanayo hata kabla hujawapelekea chochote, kwa hiyo ikitofautiana na ya kwako lazima uwe na maelezo. Ndani ya mauzo hayo kuna yale ya 9,000,000 uliyoiuzia taasisi ya serikali. Wao walikulipa 8,820,000 kwa sababu walikata asilimia 2 ya kodi ya zuio, lakini mauzo yanaandikwa yote, 9,000,000. Zile 180,000 hazikupotea. Tutazikuta mwishoni.

Baada ya mauzo kuna kosa kubwa ambalo halionekani kwa macho. Kijana amechukua manunuzi yote ya mwaka, 131,500,000, akayatoa kwenye mauzo akapata 36,900,000. Lakini si kila ulichonunua 2024 kiliuzwa 2024. Daftari lako linaonyesha ulianza Januari ukiwa na mali ya 21,300,000 dukani na stoo, na ulipohesabu tarehe 31 Desemba ukakuta mali ya 26,800,000. Gharama ya ulichokiuza ni mali uliyoanza nayo, jumlisha ulichonunua, toa kilichobaki: 21,300,000 na 131,500,000 ni 152,800,000, toa 26,800,000, inabaki 126,000,000. Faida ghafi, yaani kabla ya gharama za kuendesha duka, ni 42,400,000 na si 36,900,000. Tofauti ya 5,500,000 ndiyo hayo masufuria na mabeseni yanayokufanya useme duka limejaa. Umeyalipia kweli, lakini bado ni mali yako, na gharama yake itaingia mwaka utakapoyauza.

Kuna njia ya haraka ya kuhakiki hapo bila kugusa vitabu. Chukua bidhaa zako tatu au nne zinazotoka sana. Wewe mwenyewe umeniandikia kuwa sufuria unayoinunua 12,000 unaiuza 16,000. Katika kila 16,000 inayoingia, 4,000 ni faida ghafi, sawa na robo ya mauzo. Sasa gawanya 42,400,000 kwa 168,400,000, unapata asilimia 25 na ushee. Inakubaliana na bei zako. Ya kijana inatoa asilimia 22 hivi. Kwa duka la mauzo yako, pointi tatu za asilimia ni zaidi ya milioni tano, na ofisa aliyekwisha kukagua maduka kumi ya vyombo mtaani kwenu anajua kuliko unavyodhani kwamba robo ndiyo kawaida yake.

Usisahau mambo mawili kuhusu hesabu ya mali. Thamani ya mali iliyobaki inaandikwa kwa bei uliyonunulia, si bei ya kuuzia, isipokuwa vile vilivyovunjika au kuharibika kiasi kwamba havitafikia hata bei ya kununulia. Hivyo unaviandika kwa kile vitakachoweza kuleta. Pili, wewe hujasajiliwa kwenye VAT, kwani kiwango cha kulazimika kwa 2024 kilikuwa mauzo ya milioni 200, hivyo VAT ya asilimia 18 iliyomo kwenye risiti za wanaokuuzia ni sehemu ya gharama yako. Huna pa kuidai kwingine. Kijana hakukosea hapo, ila nimewahi kuona mwandishi wa vitabu akiiondoa VAT kwenye manunuzi ya mtu asiyesajiliwa na kumpandishia faida bila sababu.

Sasa gharama za kuendesha duka. Karatasi ina misitari 11 yenye jumla ya 43,480,000. Misitari minne iko sawa na sina la kuongeza: mishahara ya vijana wawili 6,000,000, mchango wako wa NSSF kwao 600,000, umeme na simu za dukani 1,080,000, na leseni pamoja na ushuru wa huduma wa halmashauri 800,000. Iliyobaki ina matatizo, na si yote yanayokuumiza.

Pango ameliandika pungufu. Mkataba wako ni 1,000,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba unamlipa 900,000 na 100,000 unaipeleka TRA kama kodi ya zuio ya asilimia 10. Kijana ameandika 10,800,000, zile zilizomfikia mwenye nyumba tu. Gharama yako ni 12,000,000. Kodi ile ya zuio ni ya mwenye nyumba, wewe umemkatia tu na kumpelekea, kama vile unavyomkatia kijana wa dukani asilimia 10 yake ya NSSF kwenye mshahara wa 250,000. Mshahara kaandika wote, pango kakata. Hapa umeokoa 1,200,000 ya gharama. Hakikisha tu risiti za malipo ya zuio za miezi yote 12 zipo, maana gharama ya pango isiyo na ushahidi wa zuio huibua maswali mara mbili, moja kwako na jingine kwa mwenye nyumba.

Halafu ile aliyoiita "mshahara wa mkurugenzi", 6,000,000. Dada, wewe huna kampuni. Biashara ni wewe na wewe ndiye biashara, mtu hawezi kujiajiri akajilipa mshahara halafu akaukata kwenye faida yake mwenyewe. Hizo 500,000 ulizokuwa unachukua kila mwezi kwa ajili ya ada, chakula na nauli ya kutoka Mbagala ni matumizi yako kutoka kwenye faida. Yanaruhusiwa kabisa kama matumizi, lakini hayapunguzi kodi. Hata nauli ya kutoka nyumbani kwenda dukani sheria inaihesabu kuwa ni matumizi binafsi.

Mkopo ndio unaowachanganya wengi, acha niukalie kidogo. Ulichukua 10,000,000 Januari 2024, na kwa mwaka ukarejesha 9,600,000. Kijana amezikata zote. Ukiangalia taarifa ya mkopo kutoka benki, ambayo unapaswa kuiomba kila mwaka, katika hizo 9,600,000 riba ni 1,600,000 na 8,000,000 ni kurudisha hela yao. Riba ni gharama kwa sababu mkopo uliutumia kununua mali ya duka. Marejesho ya mtaji wa mkopo si gharama. Jiulize hivi: siku milioni kumi zilipoingia kwenye akaunti yako, uliziandika kama mauzo? Hukuziandika, na ulikuwa sahihi. Kama kuingia kwake hakukuwa mapato, kutoka kwake hakuwezi kuwa gharama. Milioni nane hizo zinarudi kwenye faida. Peke yake zingetosha kuigeuza ile hasara kuwa faida.

Msitari unaoitwa "kodi TRA 2,400,000" ni awamu nne za 600,000 ulizolipa mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kodi ya mapato yenyewe haiwezi kuwa gharama ya kupata mapato. Unaitoa mwishoni, kwenye kodi, shilingi kwa shilingi. Ona kosa hili lilivyo baya pande zote: kaikata kwenye faida, halafu anadai irudishwe pia. Ameitumia noti ileile mara mbili. Faini ya 300,000 nayo iondoe. Faini za kuvunja sheria au kanuni hazikubaliki hata kama kosa lilitokea ukiwa kazini.

Rafu mpya za 2,400,000 na kompyuta ya 1,600,000 ni mali za kudumu. Zitakutumikia miaka, kwa hiyo hazikatwi zote mwaka mmoja. Kinachokatwa ni uchakavu kwa viwango vya sheria. Kompyuta iko daraja la kwanza, asilimia 37.5, kwa hiyo 600,000. Rafu ni fanicha za daraja la tatu, asilimia 12.5, kwa hiyo 300,000. Jumla 900,000. Mwaka 2025 utakokotoa viwango hivyohivyo kwenye kilichobaki: kompyuta kwenye 1,000,000 na rafu kwenye 2,100,000. Kwa hiyo 3,100,000 zilizobaki hujazipoteza, zinakusubiri. Andika namba hizo mbili mahali pa kudumu, maana watu wakibadilisha mwandishi wa vitabu huzipoteza, na mwaka unaofuata wanaanza na sifuri.

Umebaki usafirishaji, 1,900,000. Hapa sitakupa jibu la kitabuni. Zile 1,200,000 za gari la mizigo zina risiti za EFD zenye TIN yako, hazina shida. Zile 700,000 ni mikokoteni, bodaboda na wapagazi, na ulichonacho ni maandishi ya daftari tu. Kila mfanyabiashara wa Kariakoo anajua kuwa mzigo hautembei wenyewe kutoka stoo hadi dukani, na hela hiyo ilitoka kwa ajili ya biashara bila ubishi. Lakini kwenye ukaguzi mzigo wa kuthibitisha ni wako, na daftari bila risiti huangushwa. Kwa hesabu ya tahadhari mimi nimezitoa. Zinakugharimu 210,000 za kodi, kwa kuwa uko kwenye ngazi ya asilimia 30. Kuanzia sasa mpe msafirishaji mmoja mwenye mashine kazi zako nyingi kadiri unavyoweza, hata kama anatoza kidogo zaidi. Na kama unataka kujua risiti uliyopewa ni halisi, ingiza namba yake ya uhakiki kwenye tovuti ya TRA:

```
verify.tra.go.tz
```

Fanya hivyo zaidi kwa risiti za manunuzi makubwa, si za bodaboda. Ukiwa na manunuzi ya milioni 131, risiti bandia moja ya milioni sita ina madhara kuliko wapagazi wote wa mwaka.

Tukijumlisha gharama zinazokubalika: pango 12,000,000, mishahara 6,000,000, NSSF 600,000, umeme na simu 1,080,000, usafirishaji 1,200,000, riba 1,600,000, leseni na ushuru 800,000, uchakavu 900,000. Ni 24,180,000. Toa kwenye faida ghafi ya 42,400,000, unabaki na 18,220,000.

Kabla ya kwenda kwenye kodi nataka tuipime namba hii kwa fedha taslimu, kwa sababu najua unachojiuliza: "Milioni kumi na nane hizo ziko wapi? Mbona sizioni?" Ni swali zuri na ndilo linaloweza kumkamata mwandishi wa vitabu kuliko kanuni yoyote. Faida ya fedha, kabla ya uchakavu ambao si hela inayotoka, ukitoa pia zile 700,000 za mikokoteni ulizozilipa kweli, ni 18,420,000. Ongeza mkopo ulioingia 10,000,000, unapata 28,420,000. Zilitoka hivi: 6,000,000 kwako na familia, 8,000,000 kurudisha mkopo, 5,500,000 zimelala dukani kama mali iliyoongezeka, 2,400,000 za awamu kwa TRA, 180,000 zilizozuiwa na ile taasisi, 4,000,000 za rafu na kompyuta, na 300,000 za faini. Jumla 26,380,000. Inatakiwa fedha zako za benki, simu na droo ziwe zimeongezeka kwa 2,040,000 kati ya Januari na Desemba. Nimeangalia salio ulilonitumia, ziliongezeka kwa kiasi hicho. Hesabu ikifunga hivi naanza kuiamini. Ile ya kijana haiwezi kufunga, kwa sababu hakuna mtu anayepata hasara ya milioni sita na nusu, akajaza duka, akalipa mkopo na bado akabaki na salio kubwa zaidi.

Sasa kodi yenyewe. Kuna watu watakwambia ni asilimia 30 ya faida, yaani 5,466,000. Hicho ni kiwango cha kampuni. Mtu binafsi mkazi hutozwa kwa ngazi, na kila ngazi inagusa sehemu yake tu ya mapato. Kwa mwaka 2024, shilingi 3,240,000 za kwanza hazitozwi. Shilingi 3,000,000 zinazofuata, hadi 6,240,000, zinatozwa asilimia 8, ni 240,000. Kutoka hapo hadi 9,120,000 ni asilimia 20, ni 576,000. Hadi 12,000,000 ni asilimia 25, ni 720,000. Ngazi hizo zote hadi milioni 12 zinaleta 1,536,000. Wewe umevuka milioni 12 kwa 6,220,000, na hizo ndizo tu zinazotozwa asilimia 30:

```
18,220,000 - 12,000,000 = 6,220,000
6,220,000 x 30%         = 1,866,000
1,536,000 + 1,866,000   = 3,402,000
3,402,000 - 2,400,000 - 180,000 = 822,000
```

Msitari wa mwisho ndipo zinaporudi zile awamu nne na ile asilimia 2. Ili zile 180,000 zikubaliwe unahitaji cheti cha kodi ya zuio kutoka kwa taasisi iliyokukata, chenye TIN yako. Kwenye ulivyonitumia sijakiona. Kifuate mapema, kwa sababu bila cheti deni lako ni 1,002,000, na kufukuzia cheti ofisi ya serikali wiki ya mwisho ya Juni ni kazi ya siku tatu za kukaa kwenye benchi.

Ritani na malipo ya 822,000 mwisho wake ni tarehe 30 Juni 2025, miezi sita baada ya mwaka wa hesabu kuisha. Jiandae pia kwa riba kidogo. Makadirio yako ya Machi yalikuwa 2,400,000 kwa mwaka mzima, ambayo hata ukiongeza zile 180,000 hayafiki asilimia 80 ya kodi halisi (hiyo ni 2,721,600), na makadirio yakiwa chini ya hapo sheria inatoza riba kwenye pengo. Kwa mwaka 2025 unaruhusiwa kurekebisha makadirio kabla mwaka haujaisha. Kama mauzo ya miezi mitano hii yanafanana na ya mwaka jana, usikadirie tena 2,400,000. Panda hadi karibu 3,400,000, halafu mwezi Septemba uangalie tena ripoti zako za Z.

Kuhusu kudai kurudishiwa hizo awamu, usijaribu. Dai la marejesho hukaguliwa kabla ya kulipwa, na mkaguzi angeanza na mkopo na mshahara wa mkurugenzi, angemaliza kabla ya chai ya saa nne. Kuna jambo jingine ambalo watu hawalifikirii: mteja wangu mmoja miaka kadhaa iliyopita alifurahia hesabu za hasara miaka miwili mfululizo, mwaka wa tatu alipoomba mkopo mkubwa benki wakamwambia alete hesabu zilizowasilishwa TRA. Alibaki anaeleza kwamba kwa kweli anapata faida, na ofisa wa mikopo akamuuliza swali ambalo hakuwa na jibu lake.

Kijana wako usimfukuze. Jumla zake za mauzo na manunuzi ziko safi, risiti kazipanga kwa mwezi, na hiyo ni kazi wengi hawaifanyi. Anachokosa ni kutofautisha hela iliyotoka na gharama. Mpe karatasi hii, mwambie airudie hesabu bila kuangalia namba zangu, kisha akuletee vitu vitatu: orodha ya mali ya 31 Desemba yenye sahihi yako, taarifa ya mkopo inayotenganisha riba na mtaji, na jedwali la mali za kudumu linaloanza 2025 na kompyuta 1,000,000 na rafu 2,100,000. Akifika 18,220,000 mwenyewe, mwakani utakuwa na mwandishi wa vitabu kweli. Kama atafika namba nyingine, nitumieni msitari mnaotofautiana, tuutazame huo tu.

Risiti zote za 2024 zitie kwenye boksi moja na uandike juu yake usizitupe kabla ya miaka mitano kwisha. Karatasi ya EFD hufutika ikikaa kwenye joto la stoo ya Kariakoo, kwa hiyo zile za manunuzi makubwa zipige picha kwanza, au toa nakala.